Barua ya mapendekezo kabla mdhamini hajasaini: dhana potofu na ukweli

Barua nyingi za mapendekezo zinazotoka vyuoni kwetu huandikwa kwa Kiingereza, na nyingi hazianzi kwenye ukurasa mtupu. Mdhamini hufungua barua aliyomwandikia mwanafunzi wa mwaka jana, akabadilisha jina na chuo, akaongeza aya moja, kisha akampa katibu au mwenzake aipitie. Makosa mengi ya viwakilishi, majina na tarehe huzaliwa hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwombaji ni msichana anayeitwa Amani Mohamed Rashid. Anaomba ufadhili wa shahada ya uzamili nchi za nje. Alisoma shahada ya kwanza ya miaka mitatu, kuanzia mwaka wa masomo 2021/2022 hadi 2023/2024. Mdhamini alianza kumfundisha alipoingia mwaka wa pili, akamsimamia tasnifu mwaka wa tatu. Barua ni ya Januari 2025, na imetokana na barua ya zamani ya mwanafunzi wa kiume.

Dhana potofu: kompyuta ingeonyesha kama `he` na `she` zimechanganyika

Kikagua tahajia huangalia kama neno limeandikwa sawasawa. `He` ni neno sahihi na `she` ni neno sahihi. Programu haijui kwamba Amani ni msichana. Wala msomaji aliyelelewa kwa Kiswahili hashtuki upesi, kwa sababu sisi tunasema “amefaulu” na “anajituma” bila kutaja jinsia. Jicho linapita juu ya `his` iliyobaki kwenye aya ya tatu kama vile haipo. Jina nalo halisaidii: Amani, Baraka, Furaha na Zawadi ni majina ya wanaume na ya wanawake pia. Mpitiaji asiyemjua mwombaji asikisie. Aulize kabla hajaanza.

Njia ya uhakika ni kutafuta neno moja moja. Katika Word bonyeza `Ctrl+H`, kisha `More`, na uweke alama kwenye `Find whole words only`. Tafuta `he`, `him`, `his` na `himself`, halafu `Mr`. Anayetumia LibreOffice Writer anaweza kuwasha `Regular expressions` na kuyatafuta yote kwa mkupuo:

```
\b(he|him|his|himself|mr)\b
```

Usibonyeze `Replace All`. Ukisahau ile alama ya neno zima, `he` ikigeuzwa kuwa `she`, basi `the` inakuwa `tshe`. `his` ikigeuzwa kuwa `her`, `history` inakuwa `hertory`. Hayo angalau yanaonekana. Hatari zaidi ni yale yasiyoonekana. Barua ya Amani inamtaja pia msimamizi wake wa mafunzo kwa vitendo, ambaye ni mwanamume. Ukibadilisha yote kwa pamoja, na yeye anageuzwa mwanamke, na hakuna programu itakayolalamika.

Barua ya msichana ikigeuzwa kuwa ya mvulana kazi ni ngumu zaidi, maana `her` ina kazi mbili: katika `her thesis` inakuwa `his`, lakini katika `I taught her` inakuwa `him`. Hapo hakuna njia ya mkato. Kila moja inasomwa ndani ya sentensi yake.

Kuna viwakilishi vingine viwili ambavyo watu hawavitafuti kabisa. Cha kwanza ni kuchanganya “mimi” na “sisi”. Barua inaanza “nimemfundisha masomo mawili”, inamalizia “tunampendekeza bila kusita”. Nani anampendekeza, mhadhiri au idara nzima? Kama mdhamini hakutumwa na idara, barua yote ibaki katika nafsi ya kwanza umoja. Cha pili hutokea pale mdhamini alipomwomba mwombaji aandike rasimu mwenyewe. Mwombaji huteleza akaandika `my thesis` akimaanisha tasnifu yake yeye, na barua inatoka ikisema kuwa tasnifu ni ya mhadhiri. Tafuta `my` na `me`, na kila mara jiulize kama mwenye kusema ni yule atakayesaini.

Dhana potofu: jina likieleweka ni la nani, inatosha

Anayepokea barua ana mafaili mengi mezani, na hana namna ya kujua kama `Mohammed` wa kwenye barua ni yule yule `Mohamed` wa kwenye fomu. Majina yetu yana sura nyingi: Hadija na Khadija, Rashid na Rashidi, Elizabeth na Elisabeth. Mfumo wa maombi nao huenda ukalinganisha herufi kwa herufi.

Katika barua ya Amani, mstari wa mada una `Amani Mohammed Rashidi`, aya ya pili ina `Amani Rashid`, na ya nne `Miss Mohamed`. Hilo la mwisho ni kosa la aina yake: Mohamed ni jina la baba, na kwenye fomu yake jina la ukoo ni Rashid. Kwa majina yetu matatu, mpitiaji asiamue mwenyewe lipi ni la ukoo. Atazame sanduku la jina la ukoo kwenye fomu ya maombi au kwenye pasipoti.

Kanuni inayofanya kazi ni hii: mara ya kwanza andika jina kamili kama lilivyo kwenye fomu ya maombi, kisha chagua namna moja ya kumtaja hadi mwisho, ama `Ms Rashid` ama `Amani`. Kama cheti cha sekondari kina tahajia tofauti na pasipoti, barua ifuate fomu, na tofauti ielezwe kwa hati ya kiapo, si kwa kuweka majina yote mawili humo humo ndani ya barua.

Jina la mwanafunzi wa mwaka jana linaweza kubaki hata pale ambapo ukurasa hauonyeshi. Fungua `File`, kisha `Info`, utazame `Title` na jina la faili lenyewe. PDF inaweza kubeba `Title` hiyo hadi kwenye kichupo cha kivinjari cha anayeisoma. Tafuta pia jina la chuo cha zamani na la kozi ya zamani. Barua inayomsifu mwombaji kwa kamati ya chuo kingine ni kosa ambalo kamati hailisahau.

Dhana potofu: tarehe ni ile ya juu tu

Ile ya juu yenyewe ina mtego. Ikiwa iliingizwa kwa `Insert`, `Date & Time` na `Update automatically` ikiwa imewashwa, inaweza kujibadilisha faili linapofunguliwa au kuchapishwa siku nyingine. Bofya juu ya tarehe: ikipata kivuli cha kijivu, hiyo ni sehemu inayojisasisha. Ichague na ubonyeze `Ctrl+Shift+F9`, itageuka maandishi ya kawaida. Mwezi uandikwe kwa herufi, kwa sababu 03/04/2025 Dar es Salaam ni Aprili na Marekani ni Machi.

Kazi kubwa, hata hivyo, iko kwenye muda uliofichwa ndani ya sentensi. Barua inasema mdhamini amemfahamu Amani kwa miaka minne. Hesabu: alianza kumfundisha mwaka wa masomo 2022/2023, na barua ni ya Januari 2025. Hiyo ni miaka miwili na kidogo. “Miaka minne” ilikuwa kweli kwa mwanafunzi wa zamani. Kwenye mfumo wa maombi mdhamini mara nyingi huulizwa swali hilo hilo, na akijibu miwili huku barua ikisema minne, kamati inabaki na majibu mawili ya mtu mmoja.

Pigia mstari kila neno linalotegemea siku ya kuandika: “sasa”, “mwaka jana”, “hivi karibuni”, “yuko mwaka wa mwisho”. Amani alimaliza 2024, lakini aya ya tano bado inamweka darasani. Mahali panapowezekana weka mwaka wenyewe badala ya neno hilo.

Dhana potofu: sifa ni maoni ya mdhamini, mpitiaji hazigusi

Nusu yake ni kweli. “Ana bidii” ni maoni, na mpitiaji ayaache. Lakini “yumo katika asilimia 5 ya juu ya darasa lake” ni hesabu, na hesabu inahakikiwa.

Barua inadai hivyo katika aya ya pili. Aya ya nne inasema alikuwa wa tatu kati ya wanafunzi 40. Tatu kugawa kwa 40 ni asilimia 7.5. Basi yumo katika asilimia 10 ya juu, hayumo katika 5. Madai mawili ya barua moja yanapingana, na msomaji mwenye kalamu atayaona kwa nusu dakika. Darasa likiwa dogo mambo huwa mabaya zaidi: katika wanafunzi 12, asilimia 5 haifiki hata mtu mmoja.

Barua inasema tena kwamba alihitimu kwa daraja la kwanza, huku transkripti ikionyesha GPA ya 4.3. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam daraja la kwanza huanzia 4.4 kwa kipimo cha 5.0, kwa hiyo 4.3 ni daraja la pili la juu. Tofauti ni 0.1 tu, lakini transkripti iko kwenye faili hilo hilo la maombi. Na msomaji wa Marekani, aliyezoea kipimo kinachoishia 4.0, akiona 4.3 bila maelezo atadhani ni kosa la uchapaji. Iandikwe 4.3 kati ya 5.0.

Linganisha hivyo hivyo kichwa cha tasnifu, masomo aliyofundishwa na mdhamini, na kazi zilizotajwa kwenye wasifu. Karatasi tatu zinatosha: fomu ya maombi, transkripti na wasifu. Ukisoma barua peke yake utaiona nzuri, kwa sababu haina cha kupingana nacho.

Mpitiaji akikuta dai lisilokubaliana na karatasi, asilisahihishe kimya kimya. Nukta, tahajia na `his` iliyosahaulika arekebishe; lakini “daraja la kwanza” aliandikie maoni pembeni: “Transkripti ina 4.3, tubadilishe?” Pengine mdhamini anajua jambo ambalo karatasi haina. Jina litakalokuwa chini ya barua ni lake.

Dhana potofu: kosa dogo linaweza kurekebishwa baada ya sahihi

Mtindo uliozoeleka ni kuchapisha upya ukurasa wa kwanza na kuuambatanisha na wa pili wenye sahihi. Hapo mdhamini anakuwa amesaini barua ambayo hakuisoma. Hata kama kilichobadilika ni herufi moja ya jina, barua nzima irudi kwake, isainiwe upya, na nakala ya zamani iondolewe ili isije ikapakiwa kwa bahati mbaya. Maoni ya pembeni na `Track Changes` viwe vimefutwa kabla ya kutengeneza PDF ya kusaini, na PDF hiyo ifunguliwe isomwe mara moja zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayosafiri.