Uvimbe kwenye ovari na faibroidi: ripoti ya ultrasaundi inapokutisha bure, na inapokuambia usikae

Daktari, nina miaka 34. Nilipiga ultrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo chini upande wa kulia. Nimeambiwa nina uvimbe wa sentimeta 4.6 kwenye ovari ya kulia, ndani una kitu kama nyavu. Tena nina faibroidi mbili: ya sentimeta 6 iliyo nje ya kizazi na ya sentimeta 2 iliyoingia ndani ya kizazi. Hedhi yangu ni nyingi na inatoka na mabonge. Je, hii ni saratani?

Kwa maelezo hayo, dada, hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachoashiria saratani. Na kinachokutoa damu nyingi huenda ni kile kidogo kuliko vyote, ambacho nadhani hukukitilia maanani. Tutakifikia. Tuanze na ovari.

Kila mwezi ovari hutengeneza kifuko cha maji kinacholea yai. Siku za yai kutoka, kifuko hicho huwa na upana wa sentimeta 2 au zaidi kidogo, ndiyo maana kwa mwanamke anayepata hedhi kifuko cha maji matupu kisichozidi sentimeta 3 hatukihesabu kuwa ugonjwa. Yai likishatoka, kifuko hujifunga na kugeuka tezi ya muda, yenye mishipa mingi ya damu kwenye ukuta wake. Mshipa mmoja ukipasuka, damu humwagikia ndani ya kifuko, kinavimba na kuuma. Damu hiyo inapoanza kuganda hutoa nyuzinyuzi nyembamba zinazokatizana. Hizo ndizo nyavu ulizosomewa.

Baada ya siku kadhaa damu hiyo hujikunja ikawa bonge lililoganda upande mmoja wa ukuta, kingo zake zimebonyea kuelekea ndani. Hapa ndipo wagonjwa wengi hutishwa bila sababu, kwa kuwa mpimaji mwenye haraka huliandika bonge hilo kama "sehemu ngumu ndani ya uvimbe". Namna ya kulitambua ipo: ukilitikisa taratibu kwa kichwa cha mashine linachezacheza, na ukiwasha dopla, kile kipimo kinachoonyesha damu inayotembea, ndani yake hakuna kitu. Damu itaonekana ikizunguka ukutani tu.

Uvimbe wa damu wa namna hii, ulio chini ya sentimeta 5 na wenye sura iliyo wazi, kwa umri wako madaktari wengi hawadai hata kurudia kipimo. Kwa kuwa wewe unaumwa, mimi ningerudia baada ya wiki 6 hadi 12, tena siku chache baada ya hedhi kukatika. Ukienda katikati ya mzunguko utakuta kifuko kipya cha mwezi huo, na wasiwasi utaanza upya. Ukikuta ule wa kwanza umeyeyuka, basi hiyo ndiyo tiba yake. Ukiwa bado upo vilevile, au umekua, hapo tunarudi mezani na kuuliza ni kitu gani hasa.

Mbona faibroidi ya sentimeta 6 hujaizungumzia? Ndiyo kubwa.

Kwa faibroidi, mahali ilipokaa huamua mengi kuliko ukubwa wake. Hiyo ya sentimeta 6 imeota kuelekea nje, haigusi utando wa ndani ambao hubomoka kila mwezi ukatoka kama hedhi. Inaweza kukandamiza kibofu ukakojoa mara kwa mara, au ukahisi uzito tumboni, lakini si kawaida yake kuleta hedhi nyingi. Ile ya sentimeta 2 imechungulia ndani ya kizazi, imeunyanyua ule utando, na hapo hata ndogo hutosha kumfanya mtu abadilishe pedi kila saa. Ndiyo pia inayoweza kuzuia mimba isitunge au kuchangia kuharibika.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: hiyo ndogo imeingia ndani kwa kiasi gani, nusu au zaidi? Ikiwa sehemu kubwa iko ndani, mara nyingi huweza kuondolewa kwa kifaa chenye kamera kinachopita ukeni na mlango wa kizazi, bila kupasua tumbo. Ikiwa sehemu kubwa imezama kwenye msuli, kazi huwa ngumu zaidi. Ultrasaundi ya juu ya tumbo haitoshi kujibu swali hilo. Inatakiwa ya ukeni, na wakati mwingine huwekwa maji safi kidogo ndani ya kizazi ili uvimbe ujichore vizuri. Wakati unasubiri, pima wingi wa damu mwilini. Nimeona wanawake wanaobishana juu ya sentimeta huku hemoglobini yao imeshuka hadi 6.

Maneno kama "zimeweka chokaa" au "mwonekano wake si sawia" yasikunyime usingizi. Faibroidi zinapozeeka, au damu inapozipungukia, hubadilika ndani. Ni kawaida yao.

Sasa, ni maneno gani kwenye ripoti ambayo kweli ni ya kuogopa?

Kwa ovari, mimi hutafuta kwanza jambo moja: je, ndani ya uvimbe kuna nyama, na hiyo nyama inapitisha damu? Maji matupu yenye ukuta laini hayana habari mbaya, hata yakiwa mengi. Nyama hai yenye mishipa yake ni habari nyingine. Huonekana kama vichipukizi vinavyoota kutoka ukutani kuelekea ndani, na vikifika vinne au zaidi tunavichukulia kwa uzito mkubwa. Au huwa ni donge gumu lenye kingo zisizo na mpangilio, dopla ikiwashwa linajaa rangi. Kuta za katikati zinazogawa uvimbe vyumba vyumba nazo hutazamwa: ukuta mmoja mwembamba na laini si tatizo, ila kuta nene zenye vinundu, kwenye uvimbe unaozidi sentimeta 10, zinahitaji daktari bingwa wa saratani za wanawake kabla ya mtu yeyote kushika kisu.

Jambo la pili ni maji tumboni. Maji kidogo nyuma ya kizazi ni ya kawaida, hasa siku yai linapotoka. Maji yaliyopanda juu ya kizazi na kuuzunguka utumbo, pamoja na uvimbe wenye nyama, hayasubiri wiki 6.

Upande wa pili kuna maelezo yanayotisha masikioni tu. Uvimbe wenye mafuta na nywele hukua polepole na karibu siku zote si saratani. Uvimbe uliojaa kitu kama ukungu wa rangi moja, kwa msichana anayeumwa sana wakati wa hedhi, kwa kawaida ni damu ya zamani ya endometriosisi, yaani utando kama ule wa kizazi unapoota nje yake. Hizi mbili haziyeyuki zenyewe kama ule wa kwako, na wakati mwingine hufanyiwa upasuaji, lakini ni kwa sababu ya maumivu, ukubwa au kutafuta mtoto.

Na faibroidi haiwezi kugeuka saratani?

Saratani ya msuli wa kizazi ipo, ila ni nadra sana, na inaaminika kwamba mara nyingi huanza yenyewe, haitokani na faibroidi uliyokaa nayo miaka. Ugumu ni kwamba ultrasaundi haiwezi kuapa kuzitofautisha. Kukua haraka peke yake, kwa mwanamke anayepata hedhi, si ushahidi mzuri, kwani faibroidi za kawaida nazo hukurupuka. Kinachonishtua ni uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma bila kutumia dawa za homoni, kwa kuwa wakati huo faibroidi hutakiwa kunywea. Kingine ni donge moja kubwa lenye mishipa mingi katikati na sehemu zilizooza ndani. Hapo huombwa picha ya MRI, na upasuaji wa kuukatakata uvimbe vipande ndani ya tumbo huepukwa.

Niongeze hili: damu inayotoka ovyo katikati ya mzunguko, hasa baada ya miaka 45, isisingiziwe faibroidi kwa sababu tu imeonekana kwenye picha. Utando wa kizazi uchukuliwe kipande ukapimwe.

Mama yangu ana miaka 61, naye ameambiwa ana uvimbe wa maji wa sentimeta 3 kwenye ovari. Afanye kama mimi?

Hapana, umri unabadilisha hesabu. Kama ni maji matupu, ukuta mwembamba, upande mmoja, bado uwezekano mkubwa ni kwamba hauna madhara. Wengi hupimwa damu kwa kipimo cha CA-125, protini ambayo mara nyingi hupanda kukiwa na saratani ya ovari, na kurudia ultrasaundi baada ya miezi 4 hadi 6, na ukikaa mwaka bila kubadilika wanaachiwa. Lakini kama yeye angesomewa "nyavu" kama zako, nisingemwambia ni damu ya mwezi. Ovari yake haitoi yai tena, kwa hiyo kisingizio hicho hakipo, naye angepelekwa kwa bingwa mapema.

Wewe usikimbilie CA-125. Hupanda kwa endometriosisi, faibroidi, maambukizi ya nyonga, ujauzito, hata kwa hedhi yenyewe. Kwa umri wako na ripoti yako itakupa hofu kuliko jibu.

Ni lini nisisubiri hizo wiki 6?

Maumivu yakija ghafla na makali upande mmoja, pamoja na kutapika, ovari inaweza kuwa imejinyonga kwenye shina lake. Hutokea zaidi uvimbe ukizidi sentimeta 5, ila wako wa 4.6 hauko mbali, na ovari ikikosa damu kwa saa kadhaa inaweza kufa. Maumivu yakiambatana na kizunguzungu au maumivu ya begani, uvimbe unaweza kuwa umepasuka na damu inamwagika tumboni. Au ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, kwa hiyo kipimo cha mimba kifanyike kwanza hata kama una hakika huna. Na ukiwa hospitali, ukiambiwa "dopla inaonyesha damu inafika kwenye ovari, rudi nyumbani", huku bado unajikunja kwa maumivu, omba daktari wa upasuaji akuone. Ovari iliyojinyonga nusu huweza kuendelea kupitisha damu kwenye picha.