Ngozi yenye joto, vivuli vilivyofifia: dhana potofu tunazompelekea mhariri

Kwenye skripti ya filamu fupi tuliyopiga Mji Mkongwe, Unguja, niliandika mstari mmoja tu kuhusu rangi: "Ngozi iwe na joto, vivuli vififie." Bibi amekaa barazani baada ya Magharibi, kandili pembeni yake, na mjukuu aliyevaa kanzu nyeupe anamsomea barua. Picha iliporudi kutoka kwa mhariri, kanzu ilikuwa na rangi ya bizari, na shavu la bibi lisilopata mwanga lilikuwa kama limepakwa jivu. Mhariri alifanya nilichoandika. Kosa lilikuwa kwenye mstari wangu.

Dhana: Joto ni kuisogeza picha nzima kwenye rangi ya machungwa.

Ukweli: Jicho huhisi joto kwa kulinganisha. Mhariri akisogeza kitelezi cha `Temp`, kila kitu kinakwenda pamoja: ngozi, kanzu, ukuta wa chokaa, hata kipande cha mbingu mwisho wa kichochoro. Baada ya sekunde chache jicho la mtazamaji linaizoea ile njano, na ngozi haionekani tena kuwa na joto kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo mwandishi ataje mambo mawili: joto linatoka wapi, na kitu gani kibaki kama kilivyo. Kwetu joto lilitoka kwenye kandili. Upande wa kanzu ulioielekea ulistahili kupata njano kidogo. Upande ulioelekea kichochoroni ulitakiwa ubaki mweupe wenye ubaridi, kwa sababu jua likishazama mwanga unaobaki hutoka mbinguni, nao una ubuluu.

Dhana: Vivuli vilivyofifia ni vivuli vyeusi.

Ukweli: Kufifia ni kupungua mkolezo wa rangi, na mara nyingi pia ukali wa tofauti kati ya giza na mwanga. Kivuli kilichofifia bado kinaonyesha nakshi za mlango. Kilichozamishwa kwenye weusi kimezimeza. Ukitaka giza, andika giza.

Hapa ndipo filamu zetu zinapoumia zaidi, na nimechelewa kulielewa. Njia moja ya kufifisha vivuli kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video na rangi zake, ni mchoro wa `Lum Vs Sat`: mhariri anashusha upande wa kushoto, ule wa sehemu zenye giza, na rangi zake zinapungua. Mchoro huo unajua kiwango cha mwanga tu. Haujui ukuta ni upi na shavu ni lipi. Ngozi nyeusi iliyo nje ya mwanga wa kandili ina kiwango cha mwanga kinachokaribiana na kile cha kivuli cha ukutani, basi vyote viwili vinapoteza rangi pamoja. Hudhurungi ya bibi ikageuka kijivu, na mtu mzima mwenye afya akaonekana mgonjwa. Maneno yangu mawili, "ngozi" na "vivuli", yalikuwa yanagombana ndani ya uso mmoja, na sikumwambia mhariri lipi lishinde.

Niliandika upya hivi:

"Kandili ndiyo joto pekee. Vivuli vya ukutani na mlangoni vipoteze rangi lakini nakshi zionekane. Shavu la bibi lililo gizani libaki hudhurungi, lisiwe kijivu. Mgongo wa kanzu ubaki mweupe."

Kwa maelezo hayo mhariri alitumia `Qualifier` kuichagua ngozi kwanza, akailinda, kisha akafifisha kilichobaki. Dalili ya kuangalia ni rahisi: mtazame bibi kwenye mpaka wa mwanga na giza usoni. Rangi ikikatika ghafla hapo, kivuli kimekula ngozi.

Dhana: Ngozi nyeusi inahitaji rangi yake maalumu kwenye vipimo.

Ukweli: Kwenye `Vectorscope`, kipimo cha duara kinachoonyesha rangi imeelekea wapi, ngozi za watu wa kila asili huangukia karibu na mstari mmoja, kati ya nyekundu na njano. Zinazotofautiana zaidi ni kiwango cha mwanga na mkolezo. Kwa hiyo usiandike "ngozi iwe nyekundu zaidi kwa kuwa ni nyeusi". Mwombe mhariri mkolezo na mwanga.

Dhana: Maelezo ya rangi ni ya mhariri peke yake.

Ukweli: Mpiga picha ayasome kabla ya siku ya kupiga. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba ikiwa ndogo mwanga ni wa njano zaidi: moto wa kandili una takriban kelvini 1900, wakati mwanga wa mchana huhesabiwa 5600. Ukipiga kwa simu na ikaachwa ijipangie yenyewe kipi kihesabiwe cheupe, itajitahidi kuiondoa ile njano, na inaweza kubadilisha kipimo katikati ya tukio bibi anapogeuka. Mhariri atarudisha kiasi fulani, lakini faili za simu nyingi ni za biti 8, yaani zina ngazi chache za rangi, na zikivutwa sana ukuta laini wa chokaa hutoka mistari mistari. Siku hizi chini ya kichwa cha tukio huandika: "Nyeupe ifungwe, isijipange. Kandili ionekane njano."