Dakika 80 za mtoto mmoja: somo la takwimu darasa la saba

Hapa shuleni kuna msemo ambao kila mwalimu wa zamu ameushika: watoto wa ng'ambo ya mto wanachelewa kwa sababu wanakaa mbali. Nimeusikia miaka mingi na sikuwahi kumwona mtu aliyepima. Basi nilipofika kwenye mada ya takwimu na darasa la saba, niliyaacha maswali ya kitabu, yale ya mkulima na magunia yake, nikawaambia tutapima wenyewe. Swali letu likawa moja: je, watoto wa ng'ambo wanatembea muda mrefu kuja shule kuliko watoto wa upande wa barabarani?

Siku ya kwanza nilikosea, na naeleza kosa lenyewe kwa sababu walimu wengi tunalifanya. Niliuliza kwa mdomo. Wa kwanza akasema dakika kumi, wa pili dakika kumi, wa tatu akamtazama wa pili akasema dakika kumi. Hadi mstari wa nne nilikuwa na darasa zima linalokaa mahali pamoja. Nikafuta ubao. Kesho yake kila mmoja alikuja na kikaratasi chenye saa aliyotoka nyumbani, aliyoisoma kwenye simu ya mzazi au kuisikia redioni, na mwanafunzi wa zamu akasimama getini na saa ya ukutani akiandika nani ameingia saa ngapi. Dakika tukazipata kwa kutoa.

Darasa lina watoto 63, na kuchora namba 63 ubaoni ni kupoteza kipindi kizima. Tukachagua 21. Hapa mtego uko kwenye daftari la mahudhurio: kwetu wavulana wameorodheshwa kwanza, wasichana wanafuata. Ukichukua majina 21 ya mwanzo unapata wavulana watupu. Kwa hiyo tulihesabu jina la tatu, la sita, la tisa, hivyo hivyo hadi mwisho. Bahati ikatupa watoto 11 wa barabarani na 10 wa ng'ambo, makundi yanayokaribiana, jambo lililorahisisha kazi ya mbele.

Baada ya kuzipanga kuanzia ndogo kwenda kubwa, dakika zilikuwa hivi:

Barabarani: 5, 8, 10, 10, 12, 15, 15, 20, 20, 25, 80

Ng'ambo: 15, 15, 18, 20, 20, 20, 22, 25, 25, 30

Kabla ya kukokotoa chochote niliwaambia waziangalie tu kwa dakika mbili. Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, nyingi zinaishia na sifuri au tano." Tukahesabu: namba 17 kati ya 21. Hakuna barabara inayowafikisha watu kwa kufuata tano tano. Ni kwamba mtu akiangalia saa anaandika "na robo" au "na dakika ishirini" na kuendelea na safari. Maana yake ni kwamba kila namba yetu inaweza kuwa imekosea dakika mbili tatu huku au kule. Nilimwomba aandike hilo pembeni ya ubao, nikamwambia tutalihitaji.

Kisha grafu ya mihimili. Makundi matano hivi yalichora mhimili mmoja kwa kila mtoto, mihimili 21 iliyosimama kama uzio, isiyoeleza chochote zaidi ya orodha yenyewe. Tukarudi kwenye kuhesabu: wangapi wametumia dakika 0 hadi 9, wangapi 10 hadi 19, na kuendelea. Barabarani wakawa 2, 5, 3. Ng'ambo wakawa 0, 3, 6, kisha mmoja kwenye 30 hadi 39. Sasa umbo likaonekana: kilele cha barabarani kiko kwenye 10 hadi 19, cha ng'ambo kimesogea hatua moja kulia.

Kulikuwa na mambo mawili ya kurekebisha. Kundi moja lilianza mstari wa wima kwenye 2 badala ya sifuri, ili kuokoa karatasi. Kwenye grafu yao ya ng'ambo, mhimili wa watoto 6 ulikuwa mrefu mara nne ya ule wa watoto 3. Nilimpa mmoja wao rula apime, akapima, akacheka mwenyewe. Kundi lingine liliandika mwishoni "30 na zaidi" na kumweka humo yule wa dakika 80. Hesabu yao haikuwa na kosa, lakini wamemficha mtoto. Niliwaambia wachore nafasi zote, 40, 50, 60, 70, ziwe tupu, hadi wamfikie. Ilibidi waongeze karatasi kwa gundi. Ndipo darasa zima likamwona yule mmoja amesimama peke yake mwisho wa grafu, na minong'ono ikaanza.

Nikaiacha minong'ono, tukaenda kwenye wastani. Watoto wanaujua: jumlisha, gawa kwa idadi. Barabarani jumla ni 220, gawa kwa 11, wastani dakika 20. Ng'ambo jumla ni 210, gawa kwa 10, wastani dakika 21. Darasa likatulia. Dakika moja tu! Mvulana wa ng'ambo akasimama kabisa: "Kwa hiyo tunasingiziwa." Na kwa namba zile alikuwa na haki ya kusema hivyo. Dakika moja ni ndogo kuliko makosa yetu ya kusoma saa, yale yaliyoandikwa pembeni ya ubao. Ukiwa na wastani peke yake, jibu ni kwamba hakuna tofauti ya kuzungumzia.

Lakini angalia grafu. Grafu ilikwisha kutuonyesha vilele viwili tofauti. Wastani unasema sawa, picha inasema si sawa. Mimi hapo ndipo ninapotaka darasa lifike, na ningekuwa na vipindi viwili tu vya takwimu kwa mwaka, vyote ningevitumia kwenye njia panda hii.

Niliwaita mbele watoto 11 wa barabarani, kila mmoja na namba yake kwenye kadi, wakasimama kwa mpangilio. Nikamwambia wa kwanza na wa mwisho wakae chini pamoja. Kisha wa pili na wa kumi. Wakaendelea kukaa wawili wawili hadi akabaki mmoja amesimama, mwenye kadi ya 15. Hiyo ndiyo namba ya katikati: watano wako nyuma yake, watano mbele yake. Kwa ng'ambo walibaki wawili kwa sababu wako 10, na wote wawili walishika 20, kwa hiyo namba ya katikati ni 20. Zingekuwa tofauti tungezijumlisha na kugawa kwa mbili. Sasa ni 15 kwa 20, tofauti ya dakika tano.

Nikamwuliza mwenye kadi ya 80, aliyekuwa wa kwanza kukaa, "Ungekuja na kadi ya 30, nani angebaki amesimama?" Akafikiri, akasema yule yule. Na kadi ya 300? Yule yule. Kwenye namba ya katikati yeye anahesabika kama mtu mmoja tu aliyeko upande wa juu. Kwenye wastani, dakika zake zote 80 zinaingia kwenye chungu na wenzake wanagawana. Tulipomtoa kwa majaribio, jumla ilishuka hadi 140, na wastani wa waliobaki 10 ukawa 14. Mtoto mmoja alikuwa amewabebesha wenzake dakika sita kila mmoja.

Darasa likataka afutwe. Nikakataa. Namba haifutwi kwa sababu inasumbua, inaulizwa. Tena anayekaa barabarani kutumia dakika 80 ni jambo la kuuliza hata bila somo la hisabati. Nilimwita wakati wa mapumziko, kwa faragha, maana sababu za mtoto kuchelewa njiani si za kutangaziwa darasa.

"Unatoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu, Mwalimu."

"Na unafika hapa saa kumi na mbili na dakika hamsini. Unapita wapi?"

"Napeleka maandazi ya mama kwenye maduka, Mwalimu. Manne. Wengine wanakuwa hawajafungua, nawasubiri."

Hakudanganya wala hakukosea kutoa. Swali letu ndilo lililokuwa bovu. Tulikusudia muda wa kutembea, tukapima muda kati ya kutoka nyumbani na kuingia getini, na kwa watoto 20 hivyo vitu viwili vilikaribia kuwa kimoja. Kwake havikuwa. Nilimwomba Jumamosi, siku isiyo na maandazi, atembee moja kwa moja na kuandika. Akaleta 25.

Tukaweka 25 mahali pa 80 na kuandika chini ya jedwali kwamba tumebadilisha na kwa nini, bila kutaja jina. Jumla mpya ni 165, wastani ukawa 15. Namba ya katikati? Tulipanga upya, ikabaki 15 ile ile. Sasa wastani ni 15 kwa 21, na vipimo vyote viwili vinaelekea upande mmoja na grafu.

Sehemu iliyobaki, ya kuandika tafsiri, ndiyo wanayoichukia zaidi, na mimi ndiyo ninayoisahihisha kwa ukali zaidi. Wengi waliandika "wastani wa barabarani ni 15 na wa ng'ambo ni 21". Hiyo ni kunakili jedwali kwa maneno. Wachache waliruka mbali: "wa ng'ambo wanachelewa kwa sababu wanakaa mbali." Hatukupima kuchelewa popote. Anayetembea dakika 30 na kutoka mapema anawahi; anayetembea dakika 5 na kulala anachelewa. Niliwapa masharti: sema ulilolipima, sema tofauti ni kubwa kiasi gani, sema mpaka wa unachokijua. Kundi moja liliandika hivi, nami nimerekebisha tahajia tu:

"Kati ya watoto 21 tuliowapima, wa ng'ambo hutembea kama dakika tano au sita zaidi ya wa barabarani. Wa ng'ambo 7 kati ya 10 hutumia dakika 20 au zaidi. Wa barabarani ni 4 kati ya 11. Wengi walikadiria saa, kwa hiyo namba si kamili. Tulipima siku moja mto ukiwa mdogo. Masika tunazunguka darajani."

Sentensi ya mwisho haikutoka kwangu. Mimi nakaa barabarani na sikuwa nimeufikiria mto kabisa. Nilipowauliza kuzunguka darajani kunachukua muda gani, kila mmoja akawa na jibu lake, kuanzia "kidogo tu" hadi "saa nzima". Tumepanga kupima mwezi wa nne, na vikaratasi nimeshavikata.