Mwajiri hewa: maana yake na namna anavyofanya kazi

Mfanyakazi hewa tunamjua: jina limo kwenye orodha ya mishahara, mtu hayupo. Mwajiri hewa ni ndugu yake. Shirika lipo, nembo ni yenyewe, na pengine hata afisa anayetajwa yupo ofisini muda huo anakunywa chai yake. Asiyekuwa yeye ni yule anayekuandikia. Amechukua jina na picha ya mwenzake, akafungua akaunti, akaanza kutafuta waombaji kazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kujifanya mtu mwingine kuwa kosa hata kabla shilingi moja haijatumwa.

Mimi nina steshenari Kasulu, karibu na stendi. Naskani vyeti, nachapa wasifu, natuma maombi ya kazi ya watu. Huku kwetu Kigoma mwajiri hewa ana shamba lenye rutuba, kwa sababu tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996 kijana mwenye cheti anaota kazi ya shirika. Mikataba yenyewe ni mifupi, leo wanaajiri, kesho wanapunguza. Mtu akiandikiwa "tunahitaji watu haraka" haoni la ajabu.

Dada mmoja mwenye stashahada ya uuguzi alikuja kwangu kuskani kitambulisho chake. Nikamuuliza kinakwenda wapi. Siku 3 kabla alikuwa amepata ombi la kuunganishwa kwenye LinkedIn kutoka kwa afisa rasilimali watu wa shirika moja kubwa. Chini ya jina palionyesha kwamba wana watu 11 wanaofahamiana nao wote wawili, wengi wao waliosoma naye chuo. "Kaka, kama hao wote wanamjua, mimi ni nani nimkatae?"

Hapo ndipo mtego ulipo, na wengi hawauoni. Wale 11 hawamjui. Kila mmoja alipokea ombi kama lake na akakubali kwa sababu hiyohiyo. Tapeli huanza na wawili watatu wanaokubali kila mtu, kisha wao wanakuwa kibali cha kuwaingilia wenzao wa darasa moja. Na cheo alichojiandikia hakikukaguliwa na mtu: kwenye LinkedIn yeyote anaweza kuandika kwamba anafanya kazi popote, isipokuwa pale penye alama ya uthibitisho wa mahali pa kazi. Tulifungua ukurasa wake, tukabonyeza `More`, halafu `About this profile`. Panaonyesha akaunti ilifunguliwa lini. Ilikuwa na wiki 5, wakati mwenyewe alijitaja kuwa na miaka 9 kazini. Akaunti changa peke yake si ushahidi, watu hujiunga kila siku, lakini inatosha kukufanya usimame.

Baada ya salamu alimhamishia WhatsApp, akamtumia maswali 6 na kuyaita usaili, na jioni hiyohiyo barua ya ajira ikafika ikiwa na muhuri wa buluu. Kisha yakaja mahitaji: picha yake akiwa ameshika kitambulisho cha NIDA usoni, jina la mama, na shilingi 85,000 za vipimo vya afya, atakazorudishiwa na mshahara wa kwanza. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi mwombaji ada yoyote katika hatua yoyote ya ajira. Likitajwa hilo la pesa, mazungumzo yameisha.

Ila si wote wanaomba pesa, na kipimo kinachonisaidia zaidi ni anwani. Jina mtu yeyote anaweza kuliandika. Anwani ya shirika hawezi kuiazima kirahisi namna hiyo. Kwenye barua pepe puuza jina linaloonekana kwa herufi nene, angalia kilichoandikwa baada ya alama ya @. Mfanyakazi wa UNHCR huandika kutoka anwani inayoishia hivi:

```
@unhcr.org
```

Kwenye kiungo cha tovuti, tafuta mkwaju, yaani alama ya /, wa kwanza baada ya jina, halafu soma kurudi nyuma kutoka hapo. Tazama mfano huu niliotunga:

```
unhcr.org.ajira-mpya.com/fomu
```

Mwenye tovuti hiyo ni `ajira-mpya.com`. Maneno `unhcr.org` yaliyotangulia ni pambo tu, kama mtu aliyebandika jina la benki mlangoni kwa kibanda chake. Kwa kazi za serikali mambo ni mepesi zaidi: lango la Sekretarieti ya Ajira ni `portal.ajira.go.tz`, na `.go.tz` hupewa taasisi za umma tu.

Lakini nisikudanganye kwamba kila anayetumia Gmail ni mwizi. Duka la dawa la Mwanga au asasi ndogo ya Kibondo yaweza isiwe na anwani nyingine. Hapo unazunguka: unaacha namba uliyopewa, unatafuta mwenyewe tovuti ya taasisi au simu ya ofisi, unauliza kama nafasi ipo. Huku kwetu tuna bahati, ofisi nyingi zina geti, mlinzi na ubao wa matangazo. Dada yule alipanda bodaboda mpaka ofisi ya shirika, kisha akarudi. Afisa alikuwepo kweli, na hakuwa amemwandikia mtu yeyote.

Kuhusu picha ya kitambulisho, tulikuwa tumechelewa kidogo: namba yake ya NIDA alishaituma. Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Kwa hiyo aliyeipata namba amepata na umri wako. Kusajili laini kunahitaji alama ya kidole, hivyo namba peke yake haitoshi kwa wakala mwaminifu. Hata hivyo tulipiga *106# kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilikuwa zake. Wasifu wa kutuma mtandaoni hauhitaji NIDA, jina la mama wala kijiji. Hayo huandikwa ukishaingia mlangoni na kusaini mkataba.

Tukiwa bado dukani kwangu, simu yake ikaita. Alitumiwa tarakimu 6 kwa ujumbe mfupi, na yule bwana akaandika kwa haraka: "Nitumie namba yako ya usaili iliyoingia sasa hivi." Haikuwa namba ya usaili. Alikuwa ameandika namba ya dada kwenye WhatsApp ya simu yake mwenyewe, na tarakimu zile ndizo ufunguo wa kuihamisha akaunti. Angezipata, dada angekuwa ndiye jina linaloazimwa safari ijayo, akiwaandikia wenzake wa chuo kwamba kuna nafasi za kazi. Ikishatokea, sajili upya namba yako kwenye simu yako. Msimbo mpya ukiuingiza, mwizi anatolewa. Kama ameshaweka namba ya siri ya hatua ya pili, utasubiri siku 7. Ndiyo maana ni bora uiweke wewe kwanza: `Settings`, `Account`, `Two-step verification`.

Ujumbe wa kudai pesa na namba iliyoutuma tulivipeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli. Kisha dada akakaa kwenye benchi langu, akaanza kuwapigia wale 11, mmoja baada ya mwingine. Wa nne alikuwa ameshatuma elfu 85.