Setilaiti za kijeshi: hapana, hazikutazami saa 24

Dhana sugu kuliko zote ni hii: setilaiti ya kijeshi imetulia juu ya nchi fulani, inaitazama mchana na usiku kama kamera ya getini, na mtu aliyekaa Washington au Moscow akitaka anaisoma namba ya gari lako. Wanaoamini hivi si watoto. Wengine ni maofisa wanaoagiza picha za eneo, kisha wanakasirika wakiambiwa wasubiri hadi kesho asubuhi, tena kama hakutakuwa na mawingu.

Tuanze na umbali. Setilaiti inayotakiwa kutoa picha kali lazima ikae chini, tuseme kilomita 400 kutoka ardhini. Kwa urefu huo haina hiari ya kusimama: isipokwenda karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, inaanguka. Kwa mwendo huo inaizunguka dunia kwa dakika 92 hivi. Ikipita juu ya Mwanza, tangu ichomoze upande mmoja wa upeo hadi izame upande wa pili ni kama dakika 10, na muda wa kupiga picha kwa pembe inayofaa haufiki dakika 2. Mzunguko unaofuata haupiti Mwanza tena, kwa sababu dunia nayo imejizungusha. Safari hii setilaiti inapita kilomita 2,580 hivi upande wa magharibi, karibu na pwani ya Gabon.

Hapo huja swali: kwa nini isipandishwe juu ikatulia huko? Urefu huo upo, ni kilomita 35,786 juu ya ikweta, na setilaiti nyingi za mawasiliano na za hali ya hewa zinakaa huko. Shida ni kioo. Kioo cha kipenyo cha mita 2.4, sawa na cha darubini ya Hubble, kikiwa kilomita 400 juu kinaweza kutofautisha vitu vilivyoachana sentimita 10 hivi. Kipeleke kioo hicho hicho kilomita 35,786, na uwezo wake unashuka hadi mita 9. Lori linakuwa doa. Ukitaka sentimita 10 kutoka kule juu, utahitaji kioo cha zaidi ya mita 200. Hiki ni kikomo cha mwanga wenyewe, hakiondolewi kwa kuongeza bajeti.

Na hizo sentimita 10 hazisomi namba ya gari. Mstari wa herufi kwenye kibao una unene wa sentimita moja hivi, na kibao kimesimama wima wakati setilaiti inatazama kutoka juu. Agosti 2019 Rais Trump aliweka Twitter picha ya kituo cha Iran cha kurushia roketi, huko Semnan, baada ya roketi kulipuka. Wachambuzi waliipima wakakadiria kwamba ukali wake ulikuwa karibu sentimita 10. Hata picha ya siri ya taifa tajiri iliangukia pale pale hesabu inapoelekeza.

Anayejua ratiba ya setilaiti anaweza kuikwepa, na India ilifanya hivyo. Desemba 1995 setilaiti za Marekani ziliona maandalizi ya jaribio la nyuklia jangwani Pokhran. Wamarekani wakaipeleka hoja hiyo Delhi, na jaribio likasitishwa. Kosa lao lilikuwa kuwaonyesha Wahindi ni nini kilichowasaliti. Mwaka 1998 wahandisi wa jeshi la India walifanya kazi zaidi usiku. Kila alfajiri mitambo mizito ilirudishwa mahali ilipokuwa jana yake, ili anayelinganisha picha mbili aone kwamba hakuna kilichosogea. Mchanga uliochimbwa ulirundikwa kwa umbo la vilima vinavyofuata upepo wa jangwa. Tarehe 11 Mei mabomu yakalipuliwa, na CIA ikapata habari baada ya tukio. Picha zilikuwepo. Kilichokosekana ni yale yaliyotokea kati ya picha moja na nyingine.

Leo setilaiti ni nyingi, zikiwemo za kampuni binafsi, kwa hiyo pengo hilo limepungua. Halijaisha. Za rada zinapenya mawingu na giza, jambo lenye thamani kubwa kwa misitu ya Kongo inayofunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mwaka, lakini picha ya rada si ya kutazama kama ya simu: bati na chuma vinang'aa, maji yaliyotulia yanakuwa meusi, na asiyefundishwa hudhani kila doa jeupe ni kifaru. Ukionyeshwa picha yoyote ya setilaiti, uliza kwanza tarehe na saa ilipopigwa. Asiyekuwa na jibu asikupotezee muda.

Basi zile video za vita, gari linafuatiliwa hadi linalipuliwa? Nyingi zimepigwa na droni iliyo kilomita chache tu juu. Setilaiti ina kazi nyingine hapo: kusafirisha video hiyo hadi kwa rubani aliye bara jingine. Mawimbi kupanda kilomita 35,786 na kushuka huchukua karibu robo sekunde. Amri ya rubani ni safari moja, picha inayomwonyesha matokeo ni safari ya pili, na ukiongeza muda wa kuchakata video, ucheleweshaji unaweza kuvuka sekunde moja. Ndiyo maana droni kubwa kama Reaper kwa miaka mingi zilipaishwa na kutuishwa na timu nyingine iliyopo kiwanjani, kwa redio ya moja kwa moja.

Dhana nyingine: GPS inajua ulipo. Haijui. Setilaiti zake, zilizo kilomita 20,200 juu, zinatangaza saa na mahali zilipo. Kipokezi chako kinasikiliza nne au zaidi na kujipigia hesabu. Kinachopeleka habari zako ni simu, kupitia mtandao wa simu.

Wengine wanasema Marekani ikigombana na nchi yenu inazima GPS. Upotoshaji wa makusudi wa mawimbi ya kiraia ulikomeshwa Mei 2000, na setilaiti mpya za GPS III hazina hata uwezo huo. Cha kuogopa kiko ardhini. Mawimbi ya GPS yanafika yakiwa hafifu kuliko kelele za kipokezi chenyewe, kwa hiyo mtambo mdogo wa kuyavuruga unaweza kuyazima kwa kilomita kadhaa. Kibaya zaidi ni kughushi, maana kifaa hakisemi kwamba kimepotea. Juni 2017 meli zipatazo 20 katika Bahari Nyeusi, karibu na Novorossiysk, zilijiona ziko kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Dalili ndiyo hiyo: vyombo vingi mahali pamoja, tena mahali pasipowezekana. Nahodha mwenye rada na ramani ya karatasi hugundua mapema. Anayetazama skrini moja tu, hapana.

Mwisho, eti ukitaka kukata mawasiliano ya setilaiti lazima uidungue. Tarehe 24 Februari 2022, saa moja hivi kabla ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka wa Ukraine, wadukuzi waliingia mtandao wa usimamizi wa setilaiti ya intaneti KA-SAT kupitia mlango wa VPN uliosanidiwa vibaya, wakatuma amri zilizofuta kumbukumbu za modemu kwa maelfu. Setilaiti yenyewe haikuguswa. Kampuni ya Viasat, mmiliki wake, ililazimika kusambaza modemu mpya zipatazo 30,000, na Ujerumani mitambo 5,800 ya umeme wa upepo, isiyohusiana na vita hivyo, ilipoteza usimamizi wa mbali.