Daftari likilingana na benki, fedha bado zinaweza kuwa zinaibwa

Ninapokagua hesabu za asasi ndogo, mara nyingi huonyeshwa kwanza ulinganisho wa benki wa kila mwezi, nao viongozi hunieleza kwa fahari kwamba daftari la fedha na taarifa ya benki havijawahi kupishana hata shilingi. Ulinganisho huo una kazi yake, lakini upo wizi usioonekana humo kabisa, na hustawi pale ambapo anayepokea fedha ndiye huyohuyo anayeandika vitabu.

Tuchukue shule ndogo ya awali inayoendeshwa na asasi, yenye karani mmoja wa fedha, mwalimu mkuu, na mweka hazina wa bodi anayefika mara moja kwa wiki. Jumatatu mzazi wa kwanza analipa ada ya shilingi 300,000 taslimu. Karani anampa stakabadhi, kisha anazitia fedha mfukoni bila kuandika chochote kwenye daftari. Alhamisi mzazi wa pili analipa 300,000. Fedha hizi karani anazipeleka benki, ila kwenye leja, kitabu kinachoonyesha malipo ya kila mwanafunzi, anaziandika kwa jina la mzazi wa kwanza. Wiki inayofuata mzazi wa tatu analeta 450,000, naye karani anaandika 300,000 kwa mzazi wa pili na 150,000 zinazobaki kwa huyo wa tatu, kana kwamba amelipa sehemu tu. Pengo ni lilelile la 300,000, lakini kila wiki linahamia kwa mzazi mwingine. Kwa kuwa daftari linaandikwa kufuata kilichopelekwa benki, daftari na taarifa ya benki vitalingana daima.

Dawa yake ni kuitenganisha kazi ya kushika fedha na kazi ya kuandika leja, na hapo ndipo viongozi huniambia kwamba hawana uwezo wa kuajiri mtu wa pili. Kwa kawaida hakuna haja. Karani apokee fedha, akate stakabadhi na kuzipeleka benki zote kama zilivyoingia, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, bila kuchomoa hata nauli. Mwalimu mkuu, ambaye hagusi fedha, aandike leja za wanafunzi kutoka kwenye nakala za stakabadhi. Mweka hazina akija achukue kitabu cha stakabadhi, ajumlishe nakala za kila siku kwa kufuata namba zake, kisha atafute jumla hiyo kwenye taarifa ya benki aliyoichukua mwenyewe benki, si ile aliyochapishiwa na karani. Mpangilio huu ndio ninaousisitiza zaidi: ulinganisho uanzie kwenye stakabadhi, kwa sababu daftari la fedha tayari limepita mikononi mwa mtu tunayetaka kumhakiki.

Hata hivyo nakala nazo hughushiwa. Karani mjanja huondoa karatasi ya kaboni, akamwandikia mzazi 300,000 na baadaye akaandika tarehe nyingine au kiasi pungufu kwenye nakala. Wengine hununua kitabu chao dukani. Kwa hiyo vitabu viwe na namba zilizochapwa tangu kiwandani, vitunzwe na mweka hazina, na karani asaini kila anapokabidhiwa kipya. Zaidi ya hapo, kila muhula wazazi wapelekewe taarifa ya madeni yao, itolewe na mtu asiyekuwa karani, na malalamiko yapokewe na mtu huyohuyo. Mzazi aliyelipa Jumatatu akionekana kulipa Alhamisi, au akidaiwa ilhali ana stakabadhi mkononi, ndiye atakayeuonyesha mchezo. Dalili nyingine ni karani asiyechukua likizo, kwani anayehamisha pengo kila wiki hawezi kuliacha. Mlazimishe apumzike wiki mbili mfululizo na mwingine ashike kazi.

Si kila tofauti ni wizi. Ukikuta upungufu unaogawanyika kwa 9, mathalani 9,000, tazama kwanza kama kuna mahali 54,000 imeandikwa 45,000, maana kupinduka kwa tarakimu mbili zinazofuatana huacha alama hiyo, ingawa haithibitishi kosa peke yake.

Kwenye malipo kanuni ni ileile: anayeandaa asiidhinishe. Benki za mtandaoni hutekeleza jambo hili vizuri kwa kumpa kila mmoja akaunti yake ya kuingilia na namba yake ya siri. Nimefungua droo za ofisi zaidi ya moja nikakuta namba za siri za watia saini wote wawili zimeandikwa kwenye karatasi moja, “ili kazi isikwame mwenyekiti akisafiri”. Hundi zilizosainiwa bila kujazwa ni ugonjwa huohuo. Utaratibu wote huu pia hauwafikii watu wawili waliokula njama. Karani na mwalimu mkuu wakikubaliana, kinachobaki ni zile taarifa za wazazi, mradi zinapita kwa mweka hazina.