Maana ya kuomba dhamana ndefu kwa kutoa ahadi ya kiasi

Dhamana, ambayo wengine huiita waranti, ni ahadi ya muuzaji kwamba bidhaa ikiharibika kwa kasoro yake yenyewe ndani ya muda uliotajwa, yeye ndiye atakayeitengeneza, kuibadilisha au kurudisha fedha. Mnunuzi anayerudia kuagiza bidhaa ileile kwa wingi anaweza kumwomba msambazaji aurefushe muda huo, naye kwa upande wake akajifunga kununua idadi maalumu katika kipindi maalumu. Kujifunga huko ndiko kunakoitwa ahadi ya kiasi. Kwa hiyo ombi hili ni mabadilishano ya hatari: msambazaji anabeba gharama za uharibifu utakaotokea katika miezi ya ziada, na mnunuzi anabeba wajibu wa kununua hata kama mahitaji yake yatapungua njiani.

Ombi la namna hii hukubaliwa kwa urahisi zaidi linapoonyesha miezi ya ziada itamgharimu msambazaji kiasi gani. Tuchukue mfano wa mnunuzi wa pampu za maji zenye dhamana ya miezi 12, anayetaka ifike miezi 24. Amekwisha kununua pampu 300, na kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba pampu 4 ziliharibika kati ya mwezi wa 13 na wa 24. Kosa linalofanywa mara nyingi hapa ni kugawanya 4 kwa 300, ilhali pampu 100 kati ya hizo zilinunuliwa hivi karibuni na bado hazijapita mwaka wa kwanza. Pampu zilizokwisha kutimiza miezi 24 ni 200 tu, hivyo kiwango sahihi ni asilimia 2. Msambazaji makini atalitambua kosa hilo mara moja, na baada ya hapo atazitilia shaka takwimu nyingine zote zilizo katika barua ya ombi.

Sasa mnunuzi anaahidi kununua pampu 600. Kwa kiwango cha asilimia 2, pampu 12 zitaharibika katika mwaka wa pili, na ikiwa matengenezo ya pampu moja, pamoja na vipuri, fundi na usafirishaji, yanafikia asilimia 20 ya bei yake, gharama yote ni sawa na bei ya pampu 2.4, yaani asilimia 0.4 ya thamani ya oda. Kwa kulinganisha, punguzo la asilimia 2 lingempotezea msambazaji bei ya pampu 12. Idadi ya pampu 4 ni ndogo mno kuwa msingi wa uhakika, hivyo inafaa mnunuzi mwenyewe aseme kwamba hata uharibifu ukiwa mara tatu ya ulioonekana, gharama itakuwa asilimia 1.2. Kwa mnunuzi, kila pampu inayosimama humletea hasara ya kazi iliyokwama, na ndiyo sababu miezi hiyo 12 inaweza kuwa na thamani kubwa kwake kuliko inavyomgharimu msambazaji. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ndiyo kiini cha dhana hii yote.

Kuna jambo moja linaloweza kuivuruga hesabu hiyo. Msambazaji asiye mtengenezaji kwa kawaida hutoa dhamana akiwa nyuma yake kuna dhamana ya kiwanda. Kiwanda kikiwa kinamfidia kwa miezi 12 pekee, mwaka wa pili wote utatoka mfukoni mwake, na hapo kusita kwake kuna msingi. Ni vyema barua imwombe alifikishe ombi kiwandani pamoja na idadi iliyoahidiwa, kwa kuwa kiwanda nacho kinanufaika kujua mapema kwamba pampu 600 zitahitajika.

Upande wa ahadi unahitaji uangalifu uleule, kwa sababu makadirio na ahadi ni vitu viwili tofauti. Mnunuzi anayetarajia kutumia kati ya pampu 600 na 750 anapaswa kuahidi 600 na kuitaja 750 kama makadirio tu, kwani idadi iliyoandikwa kuwa ahadi inaweza kudaiwa. Vilevile mkataba useme wazi kitakachofuata iwapo ananunua 500 tu. Utaratibu ulio wa haki ni kwamba pampu alizokwisha kupokea zibaki na dhamana ndefu, naye alipe nyongeza iliyokubaliwa mapema, ambayo haizidi gharama ya dhamana hiyo. Bila kifungu hicho, msambazaji anaweza kudai kwamba dhamana ya pampu zote imerudi miezi 12.

Mtego mkubwa zaidi umo katika ratiba. Tuseme pampu hizo 600 zinaletwa katika shehena 6 za pampu 100, kila baada ya miezi mitatu, hivyo shehena ya mwisho inafika miezi 15 baada ya ile ya kwanza. Iwapo mkataba unasema kwamba dhamana ndefu itaanza kutumika baada ya idadi yote kutimia, pampu za shehena ya kwanza zitakuwa zimemaliza dhamana yao ya kawaida kabla ya sharti hilo kutimizwa, na itakayoharibika katika mwezi wa 13 haitakuwa na mtu wa kuigharimia. Miezi 24 inapaswa kuambatana na kila shehena tangu siku inapopokewa. Tena, ikiwa pampu hukaa ghalani kabla ya kufungwa, mnunuzi anaweza kuomba muda uhesabiwe tangu siku ya kufungwa, na kuweka ukomo wa kuanza kuhesabu, kwa mfano usiozidi miezi 3 baada ya kupokelewa, ili msambazaji asibaki na dhamana isiyo na mwisho.

Sehemu kuu ya barua inaweza kuandikwa hivi: “Tunaomba kipindi cha dhamana cha pampu zitakazoletwa chini ya makubaliano haya kiongezwe kutoka miezi 12 hadi miezi 24, kuanzia siku ya kupokelewa kwa kila shehena, kikijumuisha vipuri, kazi ya fundi na usafirishaji kama ilivyo katika mwaka wa kwanza. Kwa upande wetu tunajifunga kununua pampu zisizopungua 600, kwa ratiba iliyoambatishwa. Tumeambatisha pia orodha ya pampu tulizokwisha kununua, ikionyesha namba ya kila pampu, tarehe ya kupokelewa, na tarehe na chanzo cha kila uharibifu.” Maneno “kama ilivyo katika mwaka wa kwanza” yasiachwe, maana hutokea miezi ikaongezwa kwa vipuri pekee, mnunuzi akagundua baadaye kwamba fundi na usafiri vimegeuka kuwa gharama yake.

Msambazaji akikataa miezi 24 kamili, orodha ya uharibifu inaonyesha njia ya kati. Kama pampu zote 4 ziliharibika beringi au sili, mnunuzi anaweza kuomba mwaka wa pili uhusu sehemu hizo mbili peke yake, huku mota na mwili wa pampu vikibaki na miezi 12. Makubaliano yakishafikiwa, yaandikwe kama nyongeza ya mkataba, yatiwe sahihi na mtu mwenye mamlaka ya kuifunga kampuni, na namba ya nyongeza hiyo itajwe katika kila oda inayofuata, kwa sababu oda isiyoitaja inaweza kuchukuliwa kuwa imefuata masharti ya kawaida yaliyochapishwa nyuma ya ankara.